Gemu nimeshalifuta kwenye simu ya mtoto, mbona kadi inaendelea kukatwa kila wiki?

MamaJunior_Kigamboni · Jumatatu 6 Aprili, saa 3:10 asubuhi

Habari za asubuhi wakuu. Naomba msaada kwa wanaojua mambo ya Play Store.

Mwanangu wa darasa la tano alipakua gemu la mpira mwezi uliopita. Likamwambia ajaribu bure siku tatu kifurushi chao cha "VIP", akabonyeza. Kadi yangu ya mtandaoni ilikuwa imeshawekwa humo, kwa sababu niliwahi kumnunulia sarafu za gemu jingine. Siku tatu zilipoisha nikaanza kukatwa 9,900 kila wiki. Nilipogundua nikafuta gemu mbele yake, nikadhani yameisha. Ijumaa usiku nimekatwa tena.

Nimeingia Play Store kwenye simu yangu, nikafika mpaka pale "Subscriptions". Hakuna kitu, peupe kabisa. Kwenye taarifa ya kadi naona GOOGLE * halafu jina la kampuni ya gemu.

Maswali yangu ni haya: nazuiaje? Hela zinarudi? Na mbona siku za kukatwa zinahama, mara Jumamosi asubuhi, mara Ijumaa usiku? Kuna mtu anacheza na kadi yangu?

---

dogo_wa_sinza · saa 3:22

Dada pakua tena gemu, nenda setingi za simu ufute data zake zote, ndio ulifute upya. Ulifuta juu juu tu.

---

Chuma_cha_Reli · saa 3:31

Usijisumbue na mamenyu yao. Kadi ya mtandaoni dawa yake ni moja: toa hela yote, acha sifuri. Wakija wanakuta ukuta. Wakigonga mara kadhaa wanaacha wenyewe. Mimi nimefanya hivyo kwa programu ya muziki, ikafa kimya kimya.

---

Kisiki_cha_Mpingo · saa 4:05

Mama Junior, pole. Mimi natengeneza programu na nauza usajili kupitia hiyo hiyo Play Store, kwa hiyo naona mambo kutoka upande wa yule anayepokea hela. Hakuna mwizi hapo. Ngoja nieleze taratibu.

Ulipomruhusu au asiporuhusiwa (haya ya watoto nayajua), mtoto hakuingia mkataba na gemu lililomo kwenye simu. Aliingia mkataba na duka, kupitia akaunti ya Gmail iliyokuwa wazi ndani ya Play Store dakika ile. Duka ndilo lenye kalenda, ndilo linalokata kadi, halafu linaiarifu kampuni ya gemu kwamba huyu amelipa, mfungulieni. Gemu lenyewe haliombi hela. Ndiyo maana unaweza kulifuta, ukaiangusha simu baharini, ukanunua nyingine, na tarehe ikifika unakatwa. Dogo wa Sinza, kufuta data kunaondoa magoli na wachezaji wa mtoto tu. Usajili haukai humo.

Sasa hilo la kuona patupu ndilo linalonipa jibu. "Subscriptions" huonyesha usajili wa akaunti moja, ile unayoitazama. Kama kwako hakuna kitu na kadi inakatwa, basi usajili uko kwenye Gmail nyingine. Simu ya mtoto ilikuwa na Gmail ya nani?

Kuhusu siku kuhama: duka hukata ndani ya saa 24 kabla ya kipindi kipya kuanza. Kama kipindi chako kinaanza Jumamosi, hela inaweza kuondoka Jumamosi yenyewe alfajiri au Ijumaa usiku. Tarehe ya usajili haijahama, ni saa ya kukata tu.

---

MamaJunior_Kigamboni · saa 4:40

Asante sana mkuu, sasa naanza kuelewa. Simu ilikuwa ya mdogo wangu aliyeko Mwanza, alimpa mjomba wake... samahani, alimpa Junior kama mjomba wake. Gmail yake ilibaki humo. Mwezi uliopita mwishoni nikamwekea Junior akaunti ya kwake, ile ya mjomba nikaiondoa kwenye simu. Kumbe nilipoiondoa usajili ulienda nayo?

---

Kisiki_cha_Mpingo · saa 4:52

Haukwenda popote, ulikuwa hapo hapo kwenye akaunti ya mjomba tangu mwanzo. Ulichoondoa ni mlango wako wa kuuona. Na kadi yako nayo imehifadhiwa kwenye akaunti yake, kwa sababu siku unanunua sarafu ndiyo iliyokuwa wazi.

Habari njema ni kwamba simu ile haihitajiki. Mpigie mdogo wako, afanye haya kwenye simu yake yoyote yenye Gmail ile.

Kwanza aingie kwenye barua pepe atafute:

```
googleplay-noreply@google.com
```

Zitatoka risiti zote. Kila mara mnapokatwa, risiti inaenda kwake, na pengine amezipita akidhani ni matangazo. Afungue ya mwisho, akutumie namba ya oda inayoanza na GPA pamoja na tarehe. Usiiweke hapa yote, ficha tarakimu za katikati.

Kisha aingie Play Store, abonyeze picha yake kule juu kulia, "Payments & subscriptions", halafu "Subscriptions". Simu ikiwa ya Kiswahili ataona "Malipo na usajili". Achague gemu, abonyeze "Cancel subscription", atachagua sababu yoyote, kisha athibitishe. Wengi huishia kwenye ukurasa wa sababu wakadhani wamemaliza. Haujamaliza mpaka uone tarehe ya mwisho na barua pepe ya kughairi iingie.

Kama hana Play Store karibu, kivinjari chochote kinatosha:

```
https://play.google.com/store/account/subscriptions
```

---

Bint_Pangani · saa 5:15

Hili jambo hata mimi linanitesa! Kila asubuhi nakatwa shilingi mia ya vocha, ujumbe unasema "Umecheza chemsha bongo, endelea kushinda". Nimeingia Play Store kama mlivyosema, hakuna. Gmail ninayo moja tu tangu nianze simu. Nifanyeje?

---

Chuma_cha_Reli · saa 5:19

Bint hiyo ni nyingine kabisa, usichanganye uzi.

---

Kisiki_cha_Mpingo · saa 5:27

Mwache, wengi wanachanganya hivyo hivyo. Bint Pangani, yako ni huduma ya meseji inayokata vocha kupitia mtandao wako wa simu. Google haimo kabisa, na huwezi kuiona Play Store hata ukiitafuta mwaka mzima. Tazama ujumbe wa kwanza kabisa waliokutumia, mara nyingi mwishoni pameandikwa namna ya kujitoa: tuma ONDOA au STOP kwenda ile namba fupi. Tuma kwenda namba ile ile iliyokuletea ujumbe, nyingine haifanyi kazi. Usipopata jibu piga huduma kwa wateja wa mtandao wako, uwataje namba fupi, waitoe wao.

Alama ya kutofautisha ni ndogo: ukikatwa vocha na meseji ikaja kutoka namba fupi, ni mtandao wa simu. Ukikatwa kadi na risiti ikaja kwenye barua pepe ikiwa na GPA, ni Play Store.

---

Chuma_cha_Reli · saa 5:40

Kisiki nakuheshimu, lakini dawa yangu mbona hujaigusa? Kadi ikiwa sifuri watakata nini?

---

Kisiki_cha_Mpingo · saa 6:12 mchana

Nusu yake ni kweli ndiyo maana sikutaka kukurukia.

Kadi ikikataa, duka halihesabu kwamba umeghairi. Linahesabu kwamba malipo yamekwama. Kuna siku chache za kusubiri ambazo mteja anaendelea kutumia VIP kama kawaida huku duka likijaribu tena na tena. Zikipita bila hela, usajili unasimamishwa: gemu linafunga VIP, lakini duka bado halijaufuta, linangoja ulipe. Mimi kwenye orodha ya wateja wangu nawaona watu wa namna hii kila mwezi. Baada ya wiki kadhaa bila malipo ndipo unakufa wenyewe. Huo ndio ukimya wako wa programu ya muziki.

Sasa fikiria Mama Junior ameacha kadi sifuri, halafu baada ya wiki mbili anaweka elfu sitini alipie kitu kingine. Duka likijaribu siku hiyo linakuta hela. Linakata 9,900, usajili unafufuka, na kama ulikuwa umeshasimamishwa, wiki mpya inaanza kuhesabiwa kuanzia siku ya kufufuka. Huyo mtu atakuja hapa kulalamika kwamba ameibiwa.

Na kuna jambo la pili. Ukifungua usajili wowote Play Store utaona unaweza kuwekewa njia ya akiba ya malipo. Mjomba akiwa na kadi yake humo na imewekwa kuwa akiba, ya kwako ikigoma anakatwa yeye. Hapo mtagombana ndugu kwa ndugu kwa ajili ya gemu la mpira.

Ghairi kwanza. Ukishaghairi, toa kadi kwenye akaunti ya mjomba. Kwa mpangilio huo.

---

Chuma_cha_Reli · saa 6:20

Haya, hiyo ya akiba sikuijua. Ila bado nasema kadi ya mtandaoni isiyo na hela ndiyo kufuli bora kwa wenye watoto.

---

Kisiki_cha_Mpingo · saa 6:24

Kwa kuzuia manunuzi mapya, sikupingi.

---

MamaJunior_Kigamboni · saa 8:35 mchana

Nimerudi. Mjomba kapatikana, kazipata risiti zote kwenye kile kichupo cha matangazo, sita. Ya kwanza ya tarehe 4 Machi imeandikwa 0. Ya mwisho ni ya Ijumaa tarehe 3 Aprili saa tatu usiku, 9,900. Namba yake ni:

```
GPA.33xx-xxxx-xxxx-xxx67..4
```

Huo mkia wa nukta mbili na 4 ni nini? Mjomba anasema nimekatwa mara nne. Mimi kwenye kadi nahesabu tano.

---

Kisiki_cha_Mpingo · saa 9:02

Wewe uko sahihi, na huo mkia ndio unaothibitisha.

Siku ya kujisajili duka hutoa namba ya msingi isiyo na mkia. Hiyo ni risiti ya 4 Machi, ya siku tatu za bure, ndiyo maana ina 0. Kila usajili unapojirudia, namba inabaki ile ile ila inaongezwa nukta mbili na hesabu, na hesabu inaanzia sifuri, haianzii moja. Kwa hiyo ..0 ni Jumamosi 7 Machi, bure ilipoisha na hela ya kwanza ikaondoka. ..1 ni tarehe 14, ..2 ni tarehe 21, ..3 ni tarehe 28, na ..4 ni ya wiki inayoanza Jumamosi 4 Aprili, iliyokatwa usiku wa Ijumaa. Mara tano kwa 9,900, jumla 49,500.

Mtu asiyekuwa na kipindi cha bure ajue kwamba kwake risiti ya msingi nayo ni ya kulipia. Angeona ..4 angekuwa amelipa mara sita.

Namba hii itakusaidia ukidai. Badala ya kuwaambia "mmenikata sana", unawatajia oda kwa oda.

Wiki yenu ijayo inaanza Jumamosi 11 Aprili. Usingoje tarehe hiyo. Kwa kuwa hela inaweza kuondoka Ijumaa tarehe 10, mjomba aghairi leo hii. Kughairi mapema hakukupunguzii kitu, VIP itaendelea kufanya kazi mpaka kipindi mlichokwishalipia kiishe. Hata siku tatu za bure mngeweza kughairi dakika tano baada ya kuzichukua na mtoto angezicheza zote.

---

Salim_wa_Nyali · saa 9:30

Nawasalimu kutoka Mombasa. Sisi nyumbani ni aifoni. Bibi yangu alijisajili gemu la mafumbo. Nimeingia Settings, nikabonyeza jina lake juu, Subscriptions, gemu liko pale lakini kitufe cha "Cancel Subscription" hakipo. Kuna tarehe tu kwa maandishi mekundu. Wamekificha ama?

---

Kisiki_cha_Mpingo · saa 9:41

Hawajakificha, Salim. Kukosekana kwa kitufe na kuwepo kwa tarehe nyekundu maana yake umeshaghairiwa, na tarehe hiyo ndiyo mwisho wake. Muulize bibi, huenda alishabonyeza.

Kwa aifoni angalia kipindi cha bure: wanataka ughairi angalau saa 24 kabla hakijaisha. Ukighairi asubuhi ya siku ya mwisho unaweza kukuta hela imeshaondoka.

---

Salim_wa_Nyali · saa 9:50

Asema kweli alibonyeza mwezi uliopita. Lakini benki yaonyesha APPLE.COM/BILL jana. Sasa hiyo ni ya nini?

---

Kisiki_cha_Mpingo · saa 9:58

Hapo sina uhakika bila kuona. Jina hilo la benki linafunika kila kitu cha Apple, ikiwemo nafasi ya kuhifadhi picha. Aingie reportaproblem.apple.com kwa akaunti yake, kila malipo yameorodheshwa na jina la programu. Hapo hapo ndipo pa kuomba kurudishiwa. Na kama kuna mtoto au mtu mwingine kwenye familia yenu ya Apple, malipo yake nayo yanaweza kuangukia kadi hiyo.

---

Neema_wa_Uhasibu · saa 10:15 jioni

Mama Junior, kuhusu hela kurudi: usipoteze muda na kampuni ya gemu. Nenda kwa waliotoa kadi, waambie hukuidhinisha, waivute hela. Ni haki ya mteja.

---

Kisiki_cha_Mpingo · saa 10:33

Dada Neema, njia hiyo ipo lakini ningeiacha iwe ya mwisho. Malipo yakivutwa kwa nguvu, duka linaweza kuifungia ile akaunti isinunue kitu, na akaunti ni ya mjomba, labda ana programu zake za kazi humo. Isitoshe, kadi aliiweka mwenyewe na risiti zilifika. Kusema hakuidhinisha ni gumu kulitetea.

Play Store ina dirisha la saa 48 tangu malipo, ndani yake unaomba kurudishiwa kwa Google moja kwa moja. Malipo ya mwisho ni Ijumaa saa tatu usiku, saa 48 zimeisha jana saa tatu usiku. Angeandika jana mchana angekuwa nalo. Likishapita, wanakuelekeza kwa mwenye programu.

Mwenye programu utampata chini ya ukurasa wa gemu Play Store, sehemu ya mawasiliano, kuna barua pepe yake. Mwandikie ukitaja namba ya msingi ya GPA na oda zote tano, kwamba aliyejisajili ni mtoto, na kwamba gemu lilishafutwa (taja tarehe kama unaikumbuka). Wao wanaona lini mchezaji aliingia mara ya mwisho, kwa hiyo wiki ambazo VIP haikutumika kabisa ndizo zenye nguvu zaidi. Anza na hizo.

Wakikujibu kwamba hawana uwezo, uwaulize Google, usikubali haraka. Mimi nina ukurasa wa oda za wateja wangu, natafuta namba ya GPA, nabonyeza kurudisha, imekwisha. Wao wana ukurasa huo huo. Uwezo wanao, hiari ndiyo jambo jingine.

---

Neema_wa_Uhasibu · saa 10:44

Na wasipokuwa na hiari?

---

Kisiki_cha_Mpingo · saa 10:47

Basi hela ya wiki za mwanzo ambazo mtoto alicheza sioni ikirudi. Nisimdanganye.

---

Neema_wa_Uhasibu · saa 10:51

Mimi bado ningekwenda kwa wenye kadi. Tukubaliane kutokubaliana.

---

dogo_wa_sinza · saa 11:20

Mbona mimi nikifungua usajili wangu wa gemu naona kuna "Pause" pia? Si bora asimamishe tu, mtoto akifunga shule awashe?

---

Kisiki_cha_Mpingo · saa 11:34

Baadhi ya programu zinaruhusu, nyingine hazina kabisa. Lakini ujue kusimamisha kunaanza kipindi ulicholipia kikiisha, na muda uliochagua ukifika duka linakata lenyewe na kuendelea. Kwa mtu anayetaka kutokatwa tena, hapana.

---

MamaJunior_Kigamboni · saa 1:15 usiku

Mjomba ameghairi. Kanitumia picha ya skrini: pameandikwa usajili utaisha 11 Aprili, na pale palipokuwa na kughairi sasa pana "Resubscribe". Barua pepe ya uthibitisho imeingia. Kadi yangu nayo ameitoa kwenye akaunti yake.

Kampuni nimeiandikia, nimetaja oda zote. Zile mbili za mwisho gemu lilikuwa halipo tena kwenye simu, hizo nimezidai kwa herufi kubwa. Jibu lililokuja ni la mashine, eti watashughulikia. Tutaona.

Swali la mwisho mkuu. Kwenye akaunti mpya ya Junior nimeweka ile ya kuomba nywila kila anaponunua. Hiyo ingenizuia na haya?

---

Kisiki_cha_Mpingo · saa 1:32 usiku

Ingemzuia siku ya kwanza tu, tarehe 4 Machi, pale alipobonyeza siku tatu za bure. Kujirudia kwa kila wiki hakuulizi nywila wala hakuombi ruhusa ya mtu, duka linakata lenyewe. Kwa hiyo iache imewashwa, lakini usiitegemee kwa usajili ambao umeshaanza.

Na Ijumaa tarehe 10 usiku angalia kadi. Ikikaa bila kuguswa mpaka Jumamosi ipite, hilo gemu limeachana nawe.

---

Bint_Pangani · saa 2:05 usiku

Nimetuma ONDOA, wamejibu "Umefanikiwa kujitoa". Ila kuna namba fupi nyingine mbili nazo zimejitokeza, za nyota na za mapishi. Za mapishi sijui hata nilijiunga lini.